Kupima usomaji wa mutoto wa mwaka wa 2: maneno ya dakika moja, na sauti yenye anasomea

Hii ni ya mwalimu wa mwaka wa 2 primere (wa 1 pia inawezekana, lakini kuelekea mwisho wa mwaka) mwenye anafundisha kusoma mu Kiswahili na anataka kujua kila mutoto amefika fasi gani. Vyombo ni telefone moja yenye iko na kronometa na yenye inaweza kurekodi sauti, biki, karatasi moja ya mutoto na karatasi ya mwalimu. Mutoto mumoja anakuomba dakika 3 ao 4, kwa hiyo kama uko na batoto 70 mu klase, na tangu elimu ya bure ya 2019 balimu mingi hapa Bukavu beko na namba kama hiyo, usijaribu kubapima bote siku moja. Chukua 5 kwa siku wakati bengine banaandika, mu siku 14 za masomo umemaliza.

Anza na andiko. Liwe jipya, lisitoke mu kitabu yenye mumekwisha kusoma, sababu batoto banashika maandiko ya klase kwa kichwa na utapima kumbukumbu badala ya kusoma. Urefu wa maneno 60 unaenea, habari moja yenye kuwa na mwanzo na mwisho, vitu vyenye mutoto wa hapa anavijua. Na uweke ndani yake angalau ulizo moja na mutu mwenye anasema, juu bila hiyo hautakuwa na kitu cha kusikiliza wakati wa kupima sauti. Hii njo nitatumia kama mufano, na namba ya mwisho wa mustari inaonyesha maneno yamefika ngapi tangu mwanzo:

Asubuhi mama anaenda sokoni kuuza sambaza. (6)
Furaha anabaki nyumbani na mdogo wake. (12)
Wanacheza mpira karibu na ziwa. (17)
Mpira unaanguka ndani ya maji. (22)
Mdogo wake analia sana. (26)
Furaha anamwita mzee mmoja mwenye mtumbwi. (32)
"Babu, tusaidie kutoa mpira wetu!" (37)
Mzee anacheka, anapiga kasia, anauleta mpira. (43)
"Je, mtacheza tena hapa?" anawauliza. (48)
Watoto wanajibu: "Hapana babu, tutacheza uwanjani." (54)
Jioni mama anarudi na ndizi mbivu. (60)

Hizo namba zinabaki ku karatasi ya mwalimu tu. Ya mutoto haina namba, iko na herufi kubwa na nafasi kati ya mistari. Kama hauna fotokopi, andika ya mutoto kwa mukono ku karatasi ngumu, moja tu itatumika na bote. Za mwalimu ndizo zinaomba nyingi, moja kwa kila mutoto, lakini kuna benye banaweka karatasi moja ndani ya plastike na kuandika juu na feltre yenye inafutika, kisha banahamisha matokeo mu kaye. Inaenda.

Ita mutoto ku veranda, ao fasi yoyote yenye bengine habamusikie. Hii si heshima tu: mutoto wa 6 akisikiliza batano ba mbele bakisoma, akifika kwako tayari anajua habari yote ya mpira na mtumbwi. Na kama mvua imeanza ku mabati, acha, utaendelea kesho. Mutoto wa mwaka wa 2 anasoma na sauti ndogo, na kati ya "analia" na "analala" hautasikia tofauti.

Namna ya kumuambia ina uzito kuliko vile inaonekana. Ukisema "soma mbio, niko napima saa" atakimbia, atameza maneno, na sauti itakufa. Mi nasema: "Mwanangu, hii ni habari fupi. Unisomee muzuri, vile unasomaka kila siku. Ukifika ku neno ngumu, jaribu. Nitakuuliza kidogo kisha." Basi. Washa kurekodi kwanza, kisha weka kidole ku neno la kwanza. Kronometa unaianzisha wakati mutoto anafungua kinywa kwa neno "Asubuhi", haiko wakati weye unasema anza. Kuna batoto benye banaangalia karatasi sekonde 4 mbele ya kuanza, na hizo sekonde si za kusoma.

Sasa akiwa anasoma, weye unafanya kitu kimoja tu: unakata na mustari neno yenye amekosa. Usimutengeneze, usitikise kichwa. Neno limekosewa kama amelisoma lingine, kama ameliruka, ao kama amesimama juu yake sekonde 3 bila kutoka. Hapo kwa sekonde 3 unaonyesha neno lenye kufuata na kidole na unasema "endelea", na lile la nyuma unalikata. (Kuna programe zenye zinasema umupatie neno. Hakuna shida, lakini hata hivyo linahesabiwa kosa.) Akiruka mustari muzima, maneno yote ya ule mustari ni makosa. Akiongeza neno lenye haliko, haulihesabu popote. Akikosea kisha akajitengeneza mwenyewe, neno ni sawa: kama ulikuwa umelikata, andika J juu yake na lirudi mu maneno mazuri. Akisoma silabi kwa silabi, "a-na-ba-ki", kisha akaliunga "anabaki", ni sawa pia, saa inamulipisha yenyewe. Lakini akiacha vipande tu bila kuliunga, mi nalikata.

Dakika ikifika, unapiga alama ] nyuma ya neno la mwisho na unasimamisha, kwa upole, mwache amalize jumla kama anataka. Na kama mustari wote wa kwanza hata neno moja hakuliweza, usimutese, andika 0, mwambie asante, na siku nyingine umupime herufi na silabi.

Tuone mutoto mumoja, mwanamuke wa mwaka wa 2. Mustari wa 1 ameusoma wote. Wa 2 anasema "Furaha ana... anabaki nyumbani na mudogo wake". "Anabaki" ni sawa. "Mudogo" pia ni sawa: hapa kwetu bote tunaweka hiyo u, ni midomo ya Bukavu, haiko kosa ya kusoma, na itarudi ku "muzee". Wa 3 anasema "Banacheza mpira karibu na ziwa". Nitarudi hapo. Wa 4: "Mpira inaanguka ndani ya maji". Wa 5: "Mudogo wake analala... analia sana", alama J. Wa 6 anakwama ku "anamwita" sekonde 3, ninasema endelea, kisha "mtumbwi" anaisoma "mtubwi". Wa 7 anasoma muzuri kabisa mpaka "mpira" na anaruka "wetu". Wa 8 anafika ku "kasia", saa inaisha.

Alikuwa amefika ku neno la 41, juu mustari wa 7 unaishia ku 37 na "kasia" ni la 4 mu wa 8. Makosa nahesabu 4: inaanguka, anamwita, mtumbwi, wetu. 41 kutoa 4 ni 37. Maneno 37 sahihi kwa dakika.

Na "banacheza"? Hapa njo balimu banabishana, na bako na haki, maana kosa hii moja inaweza kubadilisha namba ya klase nzima. Ku karatasi kuna w. Mutoto anasema b. Kwa nyumba bote banasema batoto, batu, banacheza, hata mimi hapa naandika vile. Akikuta "wanacheza" macho yake yanaona neno, kichwa kinaelewa, kinywa kinatoa ile ya nyumbani. Mi siikati. Naandika b ndogo juu ya neno na naendelea, sababu amesoma ile neno yote na maana yake haikuguswa. Lakini siiache hapo. Dakika ikiisha, namuonyesha maneno 3 ku karatasi ya pembeni: wali, wazi, waya. Kama anasema "wali, wazi, waya", basi herufi w anaijua na ile b ilikuwa kinywa tu. Kama anasema "bali, bazi", hapo kuna shida ya kweli, anachanganya herufi, na zile "ba" zote za mu andiko nazirudisha kuwa makosa. Huyu alisema "wali" bila kusitasita, kwa hiyo 37 inabaki. Kama sivyo, ingekuwa 36.

"Inaanguka" nayo? Mutu ataniambia hiyo pia ni ya nyumbani, nani hapa anasemaka "mpira unaanguka". Ni kweli. Lakini hapo si sauti moja yenye imegeuka, ni kiambishi kingine kabisa chenye hakiko ku karatasi, maana yake aliona "anguka" na mwanzo alijibunia. Mi naikata. Mwingine anaweza kuamua tofauti na simugombeze, ila muamue pamoja mbele ya kuanza, balimu bote ba masomo, na muandike chini ya karatasi: ba kwa wa ni sawa, i kwa u ni kosa. Kama mwaka A anakata na mwaka B hakati, kulinganisha zile klase mbili ni bure. Na kama kazi ni ya programe fulani yenye imeleta masharti yake, fuata masharti yao, hata kama haukubaliane.

Kwa mwenye amemaliza andiko mbele ya dakika, usimurudishe ku mwanzo kusoma tena. Simamisha kronometa ku neno la 60 na ufanye hesabu:

```
maneno sahihi x 60 / sekonde
```

Mufano, mutoto mwanaume wa klase ile ile. Amemaliza maneno 60 kwa sekonde 48, makosa 3. Maneno sahihi ni 57. 57 mara 60 ni 3420, gawanya na 48, unapata 71.25, andika 71. Karibu mara mbili ya yule mwenzake wa kike, na kama unaangalia namba peke yake utasema kwa huyu kazi imeisha.

Sikiliza sasa ile rekodi. Ndiyo, sauti unaipima kisha, ku rekodi, haiko wakati mutoto anasoma. Mutu hawezi kukata maneno, kuchunga saa na kusikiliza melodi kwa wakati moja, na benye banasema banaweza, ukiangalia karatasi zao utaona bote bamepata 3.

Skeli yenye naitumia iko na ngazi 4, inafuata ile ya 1992 ya NAEP, upimaji wa taifa wa banafunzi ba Amerika. Ngazi ya 1 mutoto anasoma neno moja moja, kila neno liko peke yake. Ya 2 anaunga maneno mawili mawili, lakini anakata fasi mubaya. Ya 3 anasoma mu vikundi vyenye vinafuata maana, ila sauti bado iko ya baridi, haigeuke sana. Ya 4 vikundi ni vikubwa, anasimama fasi ya kusimama, na anasoma kama mutu mwenye anaelezea habari.

Ile skeli walihesabu ukubwa wa kikundi kwa maneno, 2, ao 3 ao 4, na hapo kwa Kiswahili unapaswa kuwa na akili. Neno letu ni refu. "Anawauliza" peke yake ni jumla nzima. Kwa hiyo usihesabu maneno ngapi ameunga, sikiliza amekata wapi. "Furaha anabaki nyumbani / na mdogo wake" ni muzuri. "Furaha anabaki / nyumbani na / mdogo wake" ni ngazi ya 2, juu ile "na" imeenda na mwenye haiko wake. Vile vile "ndani ya / maji".

Kitu kingine cha kusikiliza ni uzito wa neno. Kiswahili kinakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho: anaCHEka, soKOni, mTUmbwi. Mutoto mwenye bado anapambana na herufi anatoa silabi zote sawa sawa, a-na-che-ka, hakuna yenye inapanda. Siku neno limeingia mu kichwa chake kama neno, ule uzito unaanguka fasi yake bila mutu kumufundisha. Ukisikia maneno mingi ya andiko hayana uzito, hata kama yote ni sahihi, haiwezi kuwa juu ya ngazi ya 2. Naona hii alama ni ya kuaminika kuliko "ametia hisia", sababu hisia kila mwalimu anaisikia vyake.

Kisha pita ku mistari 3 tu: wa 7, wa 9, wa 10. "Babu, tusaidie" ameita kweli? "Je, mtacheza tena hapa?" sauti imepanda? Kati ya "hapa" na "anawauliza" kuna kugeuka, kutoka kwa muzee kwenda kwa mwenye anaelezea? Mutoto mwenye hakufika ku mustari wa 9 haumukatie pointi kwa hiyo, unapima zenye amesoma.

Yule wa 71: hakusimama ku pointi hata moja. "Sana Furaha anamwita" kwa pumzi moja, "wetu mzee anacheka" vile vile, na "Je" aliisoma kama silabi ya neno lenye kufuata. Uzito wa maneno uko, kwa hiyo si ngazi ya 1. Nilimupatia 2. Nilimuuliza nani alitoa mpira mu maji, akasema "Furaha". Yule wa 37 alikwama, ndiyo, lakini alikata "karibu na ziwa" pamoja, alisimama ku pointi, na "Babu, tusaidie kutoa mpira" aliiita mpaka nikacheka. Ngazi ya 3. Ulizo lile lile akajibu "muzee wa mtumbwi", na akaitamka muzuri kinywani ile neno yenye ku karatasi alikuwa ameikosa.

Usijumlishe hizo vitu mbili kuwa pointi moja. Kuna shule zenye zinachukua 37 na kuongeza 3, haina maana yoyote. Mu kaye weka safu zake: tarehe, andiko gani, maneno amefikia, makosa, sahihi kwa dakika, ngazi ya sauti, na safu ya b na maneno yenye amekosa. Ukitaka usahihi pia, gawanya sahihi na maneno amefikia: 37 kwa 41 ni 90 kwa 100. Kama klase nusu nzima iko chini ya hapo, andiko lilikuwa gumu kwao, tafuta rahisi zaidi mbele ya kusema batoto habajui kusoma.

Na usichukue namba ya Kifaransa kuilinganisha na ya Kiswahili. Kifaransa kiko na vineno vidogo vidogo vingi na kila kimoja kinahesabiwa 1, sisi "tutacheza" yote, mutu, wakati na kitendo, ni 1. Zile tablo za Kiingereza zenye zinazunguka mu telefone zenye kusema mwaka wa 2 lazima afike namba fulani, vile vile, ziache fasi yake. Linganisha mutoto na yeye mwenyewe, mwezi wa 11 na mwezi wa 5, na andiko la mara ya pili liwe lingine lenye ugumu ule ule, juu akisoma mara ya pili lile lile namba itapanda hata kama hakujifunza kitu. Ukiwa na nafasi, soma naye maandiko 3 na uchukue namba ya katikati. 34, 37, 45: unaandika 37. Hiyo inakupunguzia bahati ya andiko lenye limemufaa ao limemutesa.

Mbele ya kuamini namba zako, chukua rekodi 5, mupatie mwalimu mwenzako karatasi tupu, kila mutu akate peke yake. Mukitofautiana zaidi ya maneno 2 kwa mutoto mumoja, rudieni ile rekodi pamoja neno kwa neno. Karibu kila mara ni "ba" na "wa", ao mumoja alisahau J.

Kwa ile klase, yule wa kike alipewa kazi ya silabi zenye herufi zinakutana: mwi, mbwi, ndi, mbi, dakika 10 kila asubuhi, juu makosa yake mawili makubwa yametoka hapo. Yule wa kiume hakupewa maneno mapya kabisa. Alipewa lile lile andiko, amerudilia na mwenzake, mumoja Furaha mumoja muzee, na kreyo ya kupiga / fasi yenye atapumua. Akipimwa tena, 71 yake inaweza kushuka kidogo hadi 60 na kitu, na hapo mwelezee muzazi mapema kwa nini.